Acheni kuandika "niko tayari saa 24": barua ya kuomba kazi ya nyumbani

SEHEMU YA 1: Ushauri unaotuponza



Wiki hii nimetumiwa mara nne mfano uleule wa barua pepe ya kuomba kazi ya kufanyia nyumbani. Unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya akina mama, na unasema hivi: "Mimi ni mchapakazi, ninajituma, niko tayari kufanya kazi saa 24, siku 7 kwa wiki, na nina intaneti nzuri." Chini yake kuna ushauri kwamba mwajiri wa nje anapenda mtu asiye na masharti, kwa hiyo usiongelee muda wala mtandao mpaka upate kazi.

Mimi napinga ushauri huo wote, neno kwa neno. Nimeona unavyowarudisha kliniki wakiwa hoi akina mama waliopata kazi hizo, na nimeona unavyowanyima kazi wenzao waliozistahili.

Fikiria upande wa anayeajiri. Yuko London au Amsterdam, hakujui, na hatakuona ukiingia ofisini. Kwenye kazi ya mbali kuna mambo matatu ambayo hawezi kuyaona kwa macho: uko kwenye saa zipi, utakuwa mezani lini, na mtandao ukikatika utafanya nini. Wasifu wako hauyajibu hayo, wala cheti hakiyajibu. Ni barua tu inayoweza kuyajibu. Sasa wewe unaandika "saa 24" na "intaneti nzuri". Umemjibu nini? Hakuna binadamu anayefanya kazi saa 24, na yeye anajua. Anachosoma hapo ni kwamba hujawahi kukaa ukapiga hesabu ya siku yako.

Wodini kwetu hakuna nesi anayeandikwa "yupo muda wote". Rosta inasema asubuhi, jioni au usiku, na inasema nani anampokea nani. Mgonjwa anakuwa salama kwa sababu saa zinajulikana. Kazi ya mbali haina tofauti. Watu wanakabidhiana kazi bila kuonana, kwa hiyo saa ndiyo mlango wanaokutania.

Nitaligawa hili kwenye sehemu tano. Leo ni saa za dunia. Msikimbilie kwenye mfano wa barua, utakuja mwisho.


SEHEMU YA 2: Saa mbili ya nani?

Jirani yangu, mama wa mtoto wa miezi mitano, aliomba kazi ya kupanga miadi ya wagonjwa kwa kampuni ya London. Aliandika kwamba anapatikana "kuanzia saa 2 hadi saa 8". Alimaanisha saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kama tunavyohesabu sote. Wao wakasoma 2 na 8 za kwao. Wakampangia usaili saa 2 mchana ya kwao, ambayo siku ile kwetu ilikuwa saa 10 jioni. Muda huo alikuwa kwenye daladala, mtoto mgongoni, simu imezimika chaji. Usaili ukampita hivyo.

Hili kosa ni la kwetu sisi wa Kiswahili, wala hutalikuta kwenye vitabu vya wazungu vya kuomba kazi. Sisi siku yetu inaanza jua likichomoza, ndiyo maana saa moja asubuhi ni 07:00 ya kwenye skrini. Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane. Tofauti ni saa sita kamili. Ukitafsiri sentensi yako ya Kiswahili moja kwa moja, umemdanganya mtu bila kukusudia.

Dawa yake ni ndogo: kwenye barua andika saa kwa tarakimu nne kama zinavyosomeka kwenye simu, 08:00, 14:00, 19:00. Usiandike "saa 2", usiandike "jioni", na AM na PM ziache kabisa. Hakuna mtu duniani anayekosea 14:00.

Halafu sema saa hizo ni za wapi. Tanzania, Kenya na Uganda ziko UTC+3. Maana yake tuko mbele kwa saa tatu ya saa ya kipimo cha dunia. Wengine huandika EAT, yaani saa za Afrika Mashariki, lakini mtu wa nje huenda hajawahi kukutana na herufi hizo. UTC+3 anaielewa kila anayefanya kazi na watu wa mbali. Ongeza na jina la mji, "Dar es Salaam" au "Mwanza", atalikuta kwenye kalenda ya kompyuta yake. Mtaa na namba ya nyumba havimhusu.

Sasa sikilizeni sehemu inayowaangusha hata wajanja. Sisi hatubadilishi saa, mwaka mzima ni UTC+3. Wao wanabadilisha. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo wakati wa kiangazi chao tunawazidi saa mbili, na wakati wa baridi yao tunawazidi saa tatu. Marekani nao wanabadilisha, lakini kwa tarehe tofauti: Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. New York tunaizidi saa saba au saa nane kutegemea msimu.

Maana yake kwako mama ni hii: kazi ileile, mkataba uleule, lakini Jumatatu moja ya mwisho wa Oktoba unaambiwa kazi inaanza na kuisha saa moja baadaye. Ukiwa na mtoto anayechukuliwa shule saa kumi na moja na nusu jioni, saa moja hiyo inaweza kuvunja mpango wote wa nyumba.


SEHEMU YA 3: Saa unazoweza kuzibeba, si saa unazozitamani

Turudi kwa jirani yangu, maana hakukata tamaa. Tangazo la pili lilikuwa la kazi inayofanana na ile, na lilisema kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, 10:00 hadi 16:00 saa za London. Tulikaa mezani kwake na karatasi, tukapiga hesabu mara mbili.

Kiangazi cha London: ongeza saa mbili. Kazi kwake ni 12:00 hadi 18:00, yaani saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Dada anayemsaidia huondoka saa kumi na mbili na nusu. Hapo sawa.

Baridi ya London: ongeza saa tatu. Kazi ni 13:00 hadi 19:00, yaani saa saba mchana hadi saa moja jioni. Dada ameshaondoka nusu saa nzima kabla ya kazi kuisha. Mtoto yuko na nani hiyo nusu saa?

Hesabu hiyo inafanywa kabla ya kubonyeza kutuma, kwa sababu ukishaandika 16:00 ya London umeahidi mwaka mzima. Yeye alizungumza na mume wake, wakakubaliana kwamba kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi baba anarudi mapema, au dada anaongezewa hela abaki hadi saa moja na robo. Ndipo akaandika. Kama jibu lingekuwa hapana, angeandika anaweza kufika 15:30 wakati wa baridi, wao waamue.

Sasa hapa najua kuna anayesema: nesi, ukianza kuweka mipaka wanachukua mwingine. Ni kweli, wapo watakaokuacha kwa sababu hiyo. Sitakudanganya kwamba barua nzuri inashinda kila mara. Ila jiulize unaachwa lini. Ukiachwa kwenye barua, umepoteza jioni moja. Ukificha, utaachwa wiki ya sita, ukiwa umeshaacha kibarua cha zamani, umemlipa dada, umenunua ruta, na jina lako kwao limeharibika. Na kuna baya zaidi ya kuachwa, nalo ni kukubaliwa kwenye saa ambazo mwili wako haziwezi.

Chukueni kazi ya New York ya 09:00 hadi 17:00. Wakati wa baridi yao kwetu ni 17:00 hadi 01:00, saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku. Mama mwenye mtoto wa miezi minne anafunga kompyuta saa saba, mtoto anaamka saa tisa kunyonya, anaamka tena saa kumi na moja, na saa moja asubuhi nyumba nzima imeamka. Likizo ya uzazi kisheria hapa Tanzania ni siku 84, siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Zikiisha, wengi wanakimbilia kazi hizi wakidhani watapumzika nyumbani. Tunawapokea wanasema maziwa yamepungua na kichwa hakiachi kuuma. Ukiuliza, mama halali zaidi ya saa mbili mfululizo, na mtoto hanyonyi mara kwa mara kwa sababu mama yuko kwenye simu na wateja. Sisemi kazi ya usiku isifanywe, mimi mwenyewe naifanya. Ila zamu yangu ya usiku iko kwenye rosta na nina siku za kupumzika baada yake. Wewe uliyeandika "saa 24" umejiandikia rosta isiyo na mapumziko.

Jambo la mwisho kwenye saa. Usieleze sababu. Huna haja ya kuandika kwamba una mtoto mchanga, mume yuko safari au dada anaondoka saa fulani. Andika saa tu. Aliye Dar bila mtoto naye ana saa zake na hakuna anayemuuliza kwa nini. Ukieleza, unampa mtu nafasi ya kukuhukumu kwa jambo lisilomhusu.


SEHEMU YA 4: "Intaneti nzuri" si jibu

Ukimuuliza mgonjwa homa yake ikoje akakwambia "ipo ipo tu", unafanyaje? Unachukua kipimajoto. Intaneti nayo ina kipimo, na kipimo kinachukua dakika moja.

Fungua fast.com kwenye kompyuta utakayofanyia kazi, ukiwa umekaa sehemu utakayokaa. Namba kubwa inayotokea ni kasi ya kushusha. Watu wengi wanaishia hapo. Bonyeza Show more info, utaona na kasi ya kupandisha. Hiyo ya pili ndiyo inayobeba sauti na sura yako kwenda kwa wenzako. Ndiyo maana unakuta mtu anaangalia sinema vizuri kabisa, lakini akiingia kikaoni anaambiwa "hatukusikii". Kikao cha video chenye picha safi kinahitaji takriban Mbps 3 hadi 4 kila upande. Ukiwa na kushusha 20 na kupandisha 1, hapo kuna shida, na ni heri uijue wewe kabla yao.

Pima siku tatu, kwenye saa zilezile za kazi. Usipime alfajiri. Kama kazi ni 13:00 hadi 19:00, pima mwanzo, katikati na mwisho, maana jioni mtaa mzima umerudi nyumbani na wote mko kwenye mtandao. Kwenye barua andika namba ya chini kuliko zote ulizopata. Namba kubwa itakusifia siku moja, ya chini ndiyo utakayoishi nayo.

Njia ya pili. Waajiri wengi wanajua umeme na mtandao wetu hukatika. Usimwambie haukatiki. Mwambie unafanya nini. Na njia ya pili iwe ya pili kweli. Kama faiba na laini ya simu ni za kampuni moja, ikipata hitilafu zote mbili zinaweza kulala pamoja. Weka laini ya kampuni nyingine, yenye bando tayari ndani yake. Kikao cha video kinaweza kula karibu GB 1 kwa saa, kwa hiyo bando la wiki la kuangalia picha halitakufikisha popote.

Umeme. Kompyuta mpakato ina betri, sawa, lakini ruta haina. Umeme ukikatika kompyuta inabaki inawaka na mtandao umeondoka. Kuna vibetri vidogo vya ruta vinavyouzwa madukani, soma kibandiko chini ya ruta yako ujue inataka volti ngapi kabla ya kununua, nyingi ni volti 12. Na wenye faiba, angalieni ukutani: mara nyingi kuna kisanduku kingine kidogo ambapo waya wa faiba unaingia, nacho kinahitaji umeme wake. Jirani yangu aliweka betri kwenye ruta, akachomoa umeme kujaribu, taa za ruta zikawaka vizuri na intaneti hakuna. Kisanduku kilikuwa kimezimika. Ndiyo maana nasema jaribu: zima umeme mchana mmoja, washa kikao na mdogo wako, hesabu mtadumu saa ngapi. Namba hiyo ndiyo unayoandika.

Na kuna siku ambayo hata njia mbili hazitoshi. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024? Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao wa kusuasua, kampuni nyingi kwa mkupuo. Siku kama hiyo haina mjanja. Kinachomtofautisha mtu makini ni kwamba aliandika mapema: ikitokea hivyo, nitawajulisha kwa ujumbe wa kawaida wa simu ndani ya dakika kadhaa, na saa nilizokosa nitafidia lini.


SEHEMU YA 5: Barua yenyewe, na neno la mwisho

Hii ndiyo barua tuliyoiandika na jirani yangu. Naiweka kwa Kiswahili ili tuelewane. Tangazo likiwa la Kiingereza, nawe jibu kwa Kiingereza, kwa mpangilio uleule. Namba ni za kwake. Ukizinakili bila kupima kwako, umerudi kulekule kwenye "saa 24".

Kichwa cha barua: Ombi la kazi, mpangaji wa miadi ya wagonjwa (Dar es Salaam, UTC+3)

"Habari,

Naomba nafasi ya mpangaji wa miadi ya wagonjwa mliyoitangaza. Nimekaa mapokezi ya kliniki kwa miaka minne, nikipanga miadi, nikipokea simu na kuingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Wasifu wangu nimeuambatanisha.

Saa za kazi: Ninaishi Dar es Salaam, UTC+3 mwaka mzima. Nitafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, 10:00 hadi 16:00 saa za London. Kwangu ni 12:00 hadi 18:00 wakati wa kiangazi chenu na 13:00 hadi 19:00 wakati wa baridi, na nimejipanga kwa misimu yote miwili. Kikao cha nje ya saa hizo naweza kuhudhuria kati ya 08:00 na 10:00 saa za London, nikijulishwa siku mbili kabla. Baada ya 17:00 saa za London sipatikani.

Intaneti na umeme: Natumia faiba nyumbani. Nimeipima siku tatu ndani ya saa za kazi. Kasi ya chini ilikuwa Mbps 18 kushusha na 9 kupandisha. Ikikatika nahamia kwenye laini ya kampuni nyingine, Mbps 6 kushusha na 4 kupandisha, ndani ya dakika tano. Umeme ukikatika, kompyuta na vifaa vya mtandao vinadumu saa tatu kwa betri. Vyote vikishindikana, nitamjulisha msimamizi kwa ujumbe wa simu ndani ya dakika kumi na kufidia muda huo kesho yake kuanzia 08:00 saa za London.

Kwa usaili napatikana Jumanne na Alhamisi, 10:00 hadi 13:00 saa za London.

Asante."

Hesabuni maneno ya sifa humo ndani. Hakuna "ninajituma", hakuna "mchapakazi". Mwajiri akimaliza kuisoma anaweza kumpangia siku ya kwanza bila kuuliza swali hata moja. Na angalieni sentensi ya "sipatikani". Wengi mtataka kuifuta. Mimi nasema hiyo ndiyo inayofanya sentensi nyingine ziaminike.

Jirani yangu aliitwa kwenye usaili, kwa saa aliyoitaja yeye. Swali moja walilomwuliza kuhusu mtandao lilikuwa laini yake ya pili ni ya kampuni gani. Kazi alipewa ya majaribio ya miezi mitatu, ndiyo anaifanya sasa.

Na nyie mnaotangaza kazi mkaandika "muda ni wa kubadilika" halafu mkimpata mtu mnamwita saa nne usiku, hili linawahusu pia. Mama akiwauliza "muda unaobadilika ni kati ya saa ngapi na saa ngapi, kwa saa za mji gani?", mjibuni kwa tarakimu. Asiyeweza kujibu swali hilo anatafuta mtu wa kumpigia simu wakati wowote, tena kwa mshahara wa saa nane. Mama, ukikosa jibu, usitume barua.

Haya, futeni ule mfano kwenye magrupu yenu. Anayetaka tupige hesabu ya saa zake aniandikie mambo mawili: mji wa mwajiri, na saa ambayo mtoto wake hana mtu wa kumshika. Nitawajibu nikitoka zamu.